Kwa nini kioo cha mkondo kwenye bredibodi kinanakili vibaya, na tokeo la jozi tofautishi halitulii

*"Fundi, shikamoo. Najaribu kujenga kwa transista moja moja ile hatua ya kwanza iliyo ndani ya opampu. Jozi tofautishi ni 2N3904 mbili, juu yake kioo cha mkondo cha 2N3906 mbili. Nina betri mbili za volti 9, yaani +9 na −9, na rezista ya mkia ni kilo-omu 8.2. Besi zote mbili nimezifunga kwenye sifuri. Nilitarajia tokeo lisome volti 0 lakini linasoma 8.8. Nikishika kwa vidole transista ya chini upande wa tokeo, linashuka mpaka −0.5, nikiachia linapanda tena. Nimeshabadilisha transista mara tatu. Je, ni mbovu, au nimeunga vibaya?"*

Marahaba. Transista zako ni nzima, na ulivyounga ni sawa. Hilo la vidole ndilo lililonihakikishia. Transista iliyoungua haishuki na kupanda kwa utaratibu namna hiyo kila inaposhikwa na kuachiwa. Sakiti yako inafanya kazi, tena ina nguvu kuliko unavyodhani, ila inakuza kitu ambacho hukukusudia kukikuza.

Tuzipe transista majina ili tusipotezane. Jozi ya chini ni T1 na T2, na tokeo liko kwenye kolekta ya T2. Kioo cha juu ni T3 na T4. T3 iko juu ya T1, na besi yake imeungwa na kolekta yake. T4 iko juu ya T2.

Tuanze na kioo, kwa sababu jina lake linapotosha wengi. Mtu akisikia "kioo cha mkondo" anadhani T4 inautazama mkondo wa T3 na kuuiga. T4 haiujui mkondo wa T3 hata kidogo. Inachokipata kutoka kwa jirani yake ni volteji tu, ile iliyopo kati ya besi na emita. T1 inavuta mkondo kupitia T3, na T3 inajipangia volteji inayohitaji ili kuupitisha mkondo huo, kama volti 0.65 hivi. Volteji hiyohiyo inawekwa kwenye T4, nayo inapitisha mkondo ambao umbile lake yenyewe linauruhusu kwa volteji hiyo. Kama T4 na T3 zimefanana kabisa, mikondo inalingana. Zikitofautiana kidogo tu, mikondo inatofautiana sana, na hiyo "sana" inatokana na kanuni hii:

```
I_C = I_S * exp(V_BE / V_T)
```

I_C ni mkondo wa kolekta, V_BE ni volteji kati ya besi na emita, na I_S ni namba inayotokana na umbile la transista yenyewe. V_T ni takriban milivolti 26 kwenye joto la kawaida la chumbani. Volteji ya besi imo ndani ya kipeo, kwa hiyo ukiiongeza kwa milivolti 18 tu, mkondo unakuwa maradufu. Ukiiongeza kwa milivolti 60, unakuwa mara kumi. Hata milivolti 1 peke yake inaubadilisha mkondo kwa karibu asilimia 4. Transista mbili ulizozitoa kwenye mfuko mmoja zinaweza kutofautiana kwa milivolti kadhaa bila kosa la mtengenezaji yeyote, maana karatasi ya data ya 2N3906 haiahidi popote kwamba mbili zitafanana. Kubadilisha transista mara tatu, basi, ilikuwa kama kurusha sarafu mara tatu. Ulipata tofauti nyingine kila mara, si transista bora zaidi.

Sasa vidole. Transista ya silikoni inayopitisha mkondo uleule inahitaji volteji ya besi ndogo zaidi kwa kama milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Vidole vyako vikiipasha T2 nyuzi 5 tu juu ya wenzake, umeipa upendeleo wa milivolti 10. Emita za T1 na T2 zimefungwa pamoja, kwa hiyo upendeleo huo unageuka moja kwa moja kuwa mkondo. T2 inanyakua sehemu kubwa zaidi, T1 inabakiwa na kidogo, na tokeo linavutwa chini. Unaweza kulihakikisha hili leo hii. Shika T4 badala ya T2, na shinikizo litakuwa la kupandisha tokeo. Shika T3, na litashuka. Ukiona hivyo umeshafahamu kila transista inavuta upande gani, na hujagusa hata waya mmoja.

Lakini kwa nini milivolti 10 zilihamishe tokeo volti 9 nzima? Hapa ndipo uzuri wa kuviunga viwili hivi pamoja unapoonekana, na nitaenda polepole.

Rezista yako ya mkia ina volti 8.35 juu yake, kwa sababu emita zimekaa kwenye −0.65. Gawanya kwa kilo-omu 8.2, unapata miliampea 1.02. Zikigawana sawa, T1 na T2 kila moja inapata kama miliampea 0.51. Sasa inua besi ya T1 kwa milivolti 1 juu ya besi ya T2. Mkondo wa T1 unaongezeka kwa mikroampea 10, na wa T2 unapungua kwa mikroampea 10, kwa sababu mkia hautoi zaidi ya ulichonacho. Kama juu pangekuwa na rezista za kawaida, ungechukua badiliko la T2 tu na lile la T1 lingepotea bure. Kioo kinaliokoa. Mikroampea 10 zilizoongezeka kwenye T1 zinapita T3, T4 inazinakili na kuzisukuma kuelekea tokeo, na hapohapo T2 imeacha kuvuta mikroampea 10. Tokeo linapata zote mbili, mikroampea 20.

Hizo mikroampea 20 zitakwenda wapi? Hujaweka mzigo, na mita yako ya dijitali haivuti kitu cha kuhesabika. Kinachozipinga ni T2 na T4 zenyewe, ambazo kwa mkondo huu kwa pamoja ni kama kilo-omu 50. Usichukue namba hiyo kama sheria, kwani inabadilika kutoka transista hadi transista, lakini inatosha kwa hesabu yetu. Mikroampea 20 kwa kilo-omu 50 ni volti 1. Yaani milivolti 1 kwenye ingizo inakuwa volti 1 kwenye tokeo. Umejenga kikuzaji cha mara elfu moja kwa transista nne.

Geuza hesabu hiyo uitazame upande wa pili. Tokeo lako lina nafasi ya kutembea kutoka −0.5, ambapo T2 inajaa na kushindwa kuvuta zaidi, hadi 8.8, ambapo T4 inagusa paa. Nafasi hiyo ni volti 9.3. Ukigawanya kwa elfu moja, dirisha zima ambalo sakiti yako iko hai ni kama milivolti 9 kwenye ingizo. Nje ya dirisha hilo tokeo linakwama, juu au chini. Transista za mfukoni zinaweza kukutoa nje ya dirisha peke yake, na vidole vikakurudisha ndani na kukutoa upande wa pili. Hicho ndicho ulichokiona.

Bado liko suala la volti 0 ulizotarajia, na hapa matarajio yenyewe yanahitaji kurekebishwa. Tuseme transista zote nne zimefanana kabisa na ingizo ni sifuri. Hakuna kitu katika sakiti hii kinacholiambia tokeo likae kwenye 0. Ulinganifu unasema jambo jingine: kila upande ukifanana na mwenzake, kolekta ya T2 itakaa karibu na ilipokaa kolekta ya T1. Hiyo imefungwa na T3 kwenye 9 toa 0.65, yaani 8.35. Sakiti kamilifu ingekusomea karibu 8.35, pungufu kidogo kwa sababu besi za T3 na T4 zinakula sehemu ya mkondo unaonakiliwa. Kwa hiyo 8.8 yako haiko mbali na ukamilifu kama ulivyohofia. Ndani ya opampu halisi, hatua inayofuata ndiyo inayoamua nukta hii ikae wapi, na mrejesho kutoka tokeo la mwisho ndio unaoileta sakiti nzima kwenye dirisha lake dogo. Kuipima hatua hii bila mrejesho, kwa mita, ni kujaribu kusimamisha penseli kwa ncha.

Basi tufanye nini? Tutenganishe matatizo mawili, la kioo na la jozi, maana dawa zake hazifanani.

Kwanza kipime kioo peke yake. Chomoa T1 na T2. Emita za T3 na T4 ziache kwenye +9. Kutoka kolekta ya T3 unga rezista ya kilo-omu 15 kwenda sifuri, na kutoka kolekta ya T4 unga ya kilo-omu 8.2 kwenda sifuri. Mkondo wa T3 ni 8.35 gawanya kwa kilo-omu 15, kama miliampea 0.56. Kioo kikinakili vizuri, rezista ya 8.2 itasoma volti 4.6 hivi. Tuseme inasoma 5.9. Hiyo ni miliampea 0.72, ziada ya asilimia 30, ambayo ni sawa na tofauti ya milivolti 7 kati ya T3 na T4. Sehemu ya ziada hiyo si tofauti ya umbile. T4 ina volteji kubwa zaidi kati ya kolekta na emita kuliko T3, na transista yoyote hupitisha mkondo zaidi kadiri volteji hiyo inavyopanda, hata kama besi haijaguswa. Mita haitakutenganishia visababishi hivyo viwili, na kwa bahati nzuri dawa yao ni moja.

Dawa ni rezista mbili za omu 470, moja kwenye emita ya T3 na nyingine kwenye emita ya T4, kabla ya kufika +9. Kila moja sasa inabeba karibu milivolti 250. T4 ikitaka kuzidisha mkondo, rezista yake inakula volteji zaidi na kumpunguzia besi yake, hivyo inajirudisha yenyewe. Zile milivolti 7 za tofauti hazishindani tena na 26 tu bali na 26 pamoja na 250. Saba kwa 276 ni asilimia 2.5. Pima tena. Mkondo wa T3 umeshuka kidogo, kuwa 0.54, na rezista ya 8.2 inapaswa kusoma karibu 4.4 hadi 4.6. Ukiona bado inasoma zaidi ya 5, hapo ndipo utafute kosa la uungaji, na mahali pa kwanza pa kutazama ni miguu ya transista, kwa sababu emita na kolekta zikibadilishana nafasi transista huendelea kufanya kazi kwa udhaifu na kukudanganya.

Gharama yake ni volti 0.25 za nafasi upande wa juu. Kwa kioo, ni biashara nzuri, na mimi sijengi kioo cha transista za mfukoni bila rezista hizo.

Sasa usishawishike kufanya vivyo hivyo kwenye T1 na T2. Wengi hufanya wakidhani wataondoa tofauti ya jozi. Haiondoki. Kwenye jozi, tofauti ya volteji ya besi iko kwenye ingizo lenyewe, na milivolti 5 za tofauti ni milivolti 5 za kosa uweke rezista usiweke. Utakachokipata ni ukuzaji mdogo, kwa hiyo tokeo litaonekana limetulia, lakini kosa litakuwa palepale. Rezista kwenye emita za jozi zina kazi yake nyingine, kupanua eneo ambalo jozi inajibu kwa ulingano, na siyo hii.

Jozi inatibiwa kwa kuchagua. Chukua 2N3904 kumi. Kila mara chomeka mbili, kila moja besi yake ikiwa imeungwa na kolekta, emita kwenye sifuri, na kilo-omu 15 kutoka kolekta kwenda +9. Weka mita kwenye kipimo cha milivolti 200, waya mmoja kwenye besi ya kwanza na mwingine kwenye ya pili, ili usome tofauti moja kwa moja. Kisha kaa mbali usubiri dakika mbili. Hili la kusubiri ndilo watu hulipuuza, halafu wanachagua transista kwa joto la mikono yao. Baada ya hapo badilishana nafasi ya transista hizo mbili na upime tena, kwa sababu rezista zikitofautiana kwa asilimia 1 zinaongeza robo ya milivolti ya uongo. Jozi yenye tofauti chini ya milivolti 1 inafaa. Ukishaipata, zigeuze nyuso bapa zitazamane, zibandike pamoja na uzifunge kwa mrija wa kusinyaa au kipande cha shaba, ili zote zipashwe na zipoe pamoja. Tofauti ya joto kati yao ndiyo inayoumiza. Zikipanda joto kwa pamoja, jozi haijali sana.

Njia ya pili ni kununua mbili zilizotengenezwa pamoja ndani ya kifuniko kimoja na kupimwa kiwandani kuwa zimefanana, kama BCM847 kwa jozi na BCM857 kwa kioo. Ni ndogo na zinahitaji kuchomelewa kwenye kibao cha kugeuzia miguu. Kwa kujifunza, ningependa uanze na kuchagua kwa mkono, kwa sababu utaiona ile milivolti moja kwa macho yako.

Ukimaliza, rudisha sakiti nzima na uipime kwa njia inayoiheshimu. Iondoe besi ya T2 kwenye sifuri, na uiunge moja kwa moja na tokeo, yaani kolekta ya T2. Besi ya T1 ibaki kwenye sifuri. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kutoka kila upande wa betri kwenda sifuri, karibu na transista. Sasa tokeo likitaka kupanda, linaipandisha besi ya T2, T2 inavuta zaidi na kulishusha. Tokeo litakaa karibu na volti 0 lenyewe, na zile milivolti chache utakazosoma ndizo makosa yote ya sakiti yako kwa jumla. Kabla ya rezista za 470 na kuchagua jozi, usishangae kuona 10 au zaidi. Baada yake, 2 au 3 ni matokeo mazuri. Shika tena T2 kwa vidole. Tokeo litashuka, lakini safari hii ni milivolti chache tu, zilezile 2 kwa kila nyuzi.

Ukitaka kuimaliza hata hiyo iliyobaki, zichomoe kwenye +9 ncha za juu za rezista mbili za 470, weka poteshiometa ya omu 100 kati ya ncha hizo, na mguu wake wa katikati uunge +9. Kuizungusha kunaupindisha uwiano wa kioo kwa makusudi, na kunakupa karibu milivolti 4 za marekebisho kila upande. Hiyo si hila yangu. Ndani ya 741, opampu iliyobuniwa na David Fullagar akiwa Fairchild na kutoka mwaka 1968, kioo cha hatua ya kwanza kimekaa upande wa hasi na kina rezista za kilo-omu 1 kwenye emita zake. Pini namba 1 na 5 zimetoka kwenye emita hizo. Poteshiometa ya kilo-omu 10 ambayo karatasi ya data inakuambia uiunge kati ya pini hizo, katikati yake kwenye hasi, inafanya kazi hiyohiyo ya kupindisha kioo. Na hapo transista zote zimekaa jirani kwenye kipande kimoja cha silikoni, zimezaliwa pamoja na zina joto moja. Hata hivyo 741C bado inaruhusiwa kuwa na kosa la ingizo la hadi milivolti 6, ingawa kwa kawaida ni kama 1. Ukifika 2 kwa transista za mfukoni, usijilaumu.

Yako mambo mawili ambayo mita haitakuonyesha. La kwanza ni tokeo kusoma namba zisizotulia zinazobadilika mkono wako unapokaribia bila kugusa, au volti 0 inayoonekana sawa huku transista zikipata joto. Hiyo huwa ni sakiti inayojitetemesha yenyewe kwa masafa ya juu, na hapo mtafute mtu mwenye osiloskopu mkae nayo pamoja, kwa sababu kwa kubahatisha utapoteza siku nyingi. La pili ni kama unajenga hili kwa ajili ya amplifaya ya sauti inayotumia umeme wa ukutani. Betri zako za volti 9 zinasamehe makosa, transfoma haisamehi. Mpango huu wa transista nne ni uleule, ila usiwashe mara ya kwanza bila fundi aliyewahi kuijenga kuwepo, na bila balbu ya kuzuia mkondo kwenye waya wa umeme.

Anza na kioo, kwa zile rezista mbili za 470. Niandikie namba mbili tu: volteji ya rezista ya 8.2 kabla ya kuziweka, na baada ya kuziweka.